Barua ya mwenye duka kwa mtengeneza programu: namna ya kueleza skripti ya kukumbusha kuagiza bidhaa

Mwenye duka akimwambia mtengeneza programu "nataka kitu kinikumbushe bidhaa zikikaribia kwisha", atapata kitu, lakini huenda kisiwe alichokitaka. Maneno "kukaribia kwisha" hayamwambii fundi lolote. Kilo ishirini za sukari ni nyingi kwa duka linalouza kilo tano kwa siku, na ni za kutwa moja tu kwa duka linalouza ishirini. Fundi asipoelezwa atakisia, na makosa ya kukisia utayaona siku mteja atakapouliza sukari nawe huna.

Mwongozo huu unaijenga, kipande kwa kipande, barua ya kuomba skripti, yaani programu ndogo ya kufanya kazi moja. Mfano wetu ni duka la mtaani Tanzania linalouza vyakula na sabuni. Lina kompyuta ndogo moja yenye Excel, na mwenyewe anataka kupokea meseji ya kawaida kwenye simu kila usiku. Mistari iliyowekewa alama pembeni ni maneno ya barua yenyewe. Yachukue, ubadilishe majina na namba zako.

## Anza na kinachotakiwa kutoka

Watu wengi huanza na data walizonazo. Ni afadhali kuanza na meseji unayotaka kuisoma, kwa sababu kila neno ndani yake litadai taarifa fulani, na hapo ndipo utakapojua nini cha kurekodi. Usiieleze meseji hiyo kwa maneno, iandike yenyewe jinsi itakavyoonekana kwenye simu.

> Ndugu, habari za kazi. Naomba unitengenezee skripti itakayosoma kumbukumbu za duka langu na kunitumia meseji moja kila siku saa 21:30, saa za Dar es Salaam. Meseji iwe hivi:

```
DUKA 12/06 21:30
AGIZA: Sukari mifuko 3 (salio kg 78)
CHELEWA: Mafuta madumu 2, siku 6
KAGUA: Chumvi salio -4
Mauzo hadi: 12/06
```

> AGIZA ni bidhaa iliyofika kiwango cha kuagizia. CHELEWA ni mzigo nilioagiza ambao siku zake za kusubiri zimepita na haujafika; siku zinazotajwa zihesabiwe tangu nilipoagiza. KAGUA ni bidhaa ambayo hesabu yake haiwezekani, hasa salio likiwa chini ya sifuri. Mstari wa mwisho unaonyesha tarehe ya mwisho niliyoingiza mauzo.

Saa iandikwe kwa tarakimu za saa ishirini na nne. Ukimwandikia fundi "saa tatu na nusu", yeye anaweza kuweka 03:30, na kompyuta haitajua kwamba ulimaanisha usiku. Kuna mtego mwingine hapohapo. Skripti ikikaa kwenye seva ya kukodi, mara nyingi saa ya seva hufuata UTC, yaani saa ya kimataifa, nayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Kazi iliyopangwa 21:30 kwa saa ya seva itakufikia 00:30 usiku wa manane. Kwa hiyo andika wazi "saa za Dar es Salaam".

Mstari wa "Mauzo hadi" unaonekana mdogo, lakini ndio unaokulinda. Mtu wa kaunta akisahau kuingiza mauzo siku mbili, skripti itaona salio kubwa kuliko lililopo rafuni, na itakaa kimya wakati bidhaa inakwisha. Tarehe ya zamani kwenye mstari huo itakuonyesha kwamba meseji si ya kuaminiwa. Kwa sababu hiyohiyo, omba meseji ije hata siku ambayo hakuna cha kuagiza:

> Siku ikiwa shwari, nitumie "Hakuna cha kuagiza" pamoja na mstari wa Mauzo hadi. Nisipopata meseji kabisa, nitajua skripti imekufa.

Urefu nao una gharama. Meseji moja ya kawaida hubeba herufi 160. Ikizidi, hugawanywa vipande vya herufi 153, na kila kipande hulipiwa. Ikiingia herufi hata moja iliyo nje ya orodha ya msingi, kama emoji au alama ya nukuu iliyopinda, meseji nzima hushuka hadi herufi 70. Mwambie fundi atumie herufi za kawaida tu, na bidhaa zikiwa nyingi atangulize zile zenye siku chache zaidi za kubaki. Meseji ya mfano wetu haifiki herufi 160.

## Kinachoingia: kitabu kimoja cha Excel, kurasa nne

Mafundi wengi hupenda faili za CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, kwa sababu ni rahisi kuzisoma kwa programu. Kwa duka ambalo mtu atafungua faili kwa mkono kila siku, ni afadhali kitabu cha `.xlsx`. Excel ikifungua CSV na kuihifadhi tena, inaweza kubadilisha 2025-06-03 kuwa 03/06/2025 au 06/03/2025 kulingana na mpangilio wa kompyuta, na kuanzia hapo hakuna anayejua kama ni Juni au Machi. Ndani ya `.xlsx` tarehe huhifadhiwa kama namba, hivyo inabaki ileile hata mwonekano ukibadilika. Ila tarehe iweze kutambuliwa na Excel yenyewe: ikiingia kama maandishi tu itaegemea kushoto mwa kisanduku, ilhali tarehe halisi huegemea kulia.

> Data zote ziko kwenye `duka.xlsx`, kurasa nne: `bidhaa`, `mauzo`, `mzigo` na `hesabu`. Skripti isome tu, isiandike chochote ndani ya faili hili. Tarehe iliyo kama maandishi, au msimbo usiokuwepo kwenye `bidhaa`, isirukwe kimyakimya: nipe jina la ukurasa na namba ya mstari.

Ukurasa wa `bidhaa` una mstari mmoja kwa kila bidhaa:

```
msimbo  jina    kipimo  ujazo  jumla  kusubiri  akiba  lengo
S01     Sukari  kg      50     mfuko  2         2      7
M01     Mafuta  lita    20     dumu   3         2      7
```

Hapa ndipo maduka mengi hukwama, kwa sababu bidhaa hununuliwa kwa kipimo kimoja na kuuzwa kwa kingine. Sukari inaingia kwa mfuko wa kilo 50 na kutoka kwa kilo, nusu na robo. Mafuta yanaingia kwa dumu la lita 20 na kutoka kwa kipimo. Kanuni iwe moja: ndani ya kitabu kila kiasi kiandikwe kwa kipimo kidogo cha kuuzia, yaani kilo au lita, na skripti ndiyo igeuze kuwa mifuko au madumu inapoandika meseji. Mtu akiandika "2" akimaanisha mifuko miwili, wakati skripti inasoma kilo mbili, kuna kilo 98 zilizopotea kwenye hesabu. Dalili yake ni KAGUA yenye salio hasi siku chache baadaye.

`kusubiri` ni siku kutoka unapopata meseji hadi bidhaa iwe rafuni. Usiandike ahadi ya muuzaji wa jumla. Andika muda ambao mzigo huchukua kwa kawaida, pamoja na siku ya kutafuta usafiri. `akiba` ni siku za ziada za kukulinda mzigo ukichelewa. `lengo` ni siku ambazo mzigo mpya unatakiwa kukutosha baada ya kufika. Bidhaa inayoharibika upesi ipewe lengo dogo. Bidhaa kama sabuni inaweza kupewa siku nyingi zaidi kama mtaji unaruhusu.

Misimbo ianze na herufi. Ukiandika 001, Excel itakula sifuri na kuacha 1.

Ukurasa wa `mauzo` uonekane hivi:

```
tarehe      msimbo  kiasi  aina
2025-06-12  S01     19     taslimu
2025-06-12  S01     3      mkopo
2025-06-12  S01     1      nyumbani
```

Safu ya `aina` ndiyo inayoamua kama hesabu itafanana na rafu. Duka linalorekodi fedha zilizoingia peke yake litasahau vitu viwili: bidhaa iliyochukuliwa kwa mkopo na kuandikwa kwenye daftari la madeni, na ile iliyopelekwa jikoni nyumbani. Zote mbili zimetoka dukani siku hiyo. Mkopo uandikwe siku bidhaa inapotoka, na mdeni akija kulipa mwisho wa mwezi usiandikwe tena hapa, la sivyo kilo ileile itatolewa mara mbili. Aina ya nne ni `haribika`, yaani iliyomwagika au kuoza. Hiyo ipunguze salio lakini isiingie kwenye wastani wa mauzo, kwa sababu hutaki kuagiza bidhaa ya kumwaga.

Kwa bidhaa inayopimwa robo robo siku nzima, kuandika kila mauzo ni kazi isiyodumu. Pima mfuko uliofunguliwa jioni, jumlisha na ile iliyofungwa, toa kwenye salio la jana, na tofauti, ukiondoa iliyokwisha kuandikwa siku hiyo, uiandike kama mauzo ya siku. Kama mzigo umeingia siku hiyo, ujumlishe kwanza kwenye salio la jana.

Ukurasa wa `mzigo` ndio unaoizuia skripti isikukumbushe kila usiku kitu ambacho tayari umeagiza:

```
namba  msimbo  kiasi  agizo       kupokea
41     M01     40     2025-06-06
```

> `kupokea` ikiwa tupu, mzigo uko njiani. Hesabu kiasi hicho pamoja na salio unapoamua kama niagize. Siku za kusubiri zikipita bila tarehe ya kupokea, uandike kwenye CHELEWA.

Muuzaji akileta dumu moja kati ya mawili, gawa mstari: lita 20 ziwe na tarehe ya kupokea, lita 20 nyingine zibaki wazi. Ukijaza tarehe kwa zote kwa kuwa "lingine linakuja kesho", umejipa lita 20 zisizokuwepo.

`hesabu` ni ukurasa mfupi wenye tarehe, msimbo na kiasi kilichohesabiwa kwa mkono baada ya kufunga. Kila hesabu mpya inakuwa mwanzo mpya, na makosa yote ya nyuma yanaishia hapo. Mara moja kwa wiki inatosha kwa bidhaa zinazotoka sana.

## Kanuni, kwa maneno na kwa namba

Sehemu hii iandikwe kwa ukamilifu, kwa kuwa fundi akijichagulia kanuni yake hutaweza kuikagua.

```
salio   = hesabu ya mwisho + iliyopokelewa baadaye - iliyotoka baadaye
wastani = mauzo ya siku 14 / siku zilizokuwa na bidhaa
kiwango = wastani x (kusubiri + akiba)
AGIZA kama: salio + njiani <= kiwango
kiasi   = wastani x (kusubiri + akiba + lengo) - salio - njiani
```

Tuichukue sukari, tarehe 12 Juni 2025. Jumapili tarehe 8 jioni zilihesabiwa kilo 166. Kuanzia tarehe 9 hadi 12 zimetoka kilo 22, 20, 23 na 23, jumla 88. Hakuna mzigo ulioingia wala ulio njiani. Salio ni kilo 78.

Katika siku 14, tangu 30 Mei hadi 12 Juni, zimeuzwa kilo 252. Lakini tarehe 2 na 3 Juni sukari haikuwepo kabisa. Kwa hiyo kilo 252 zigawanywe kwa siku 12, na wastani unakuwa kilo 21. Kiwango ni 21 mara 4, yaani kilo 84. Salio la 78 limeshuka chini yake, hivyo AGIZA.

Angalia kinachotokea fundi akigawanya kwa 14. Wastani unakuwa 18, kiwango kinakuwa 72, na salio la 78 linaonekana linatosha. Skripti inakaa kimya siku ambayo ilipaswa kusema. Kosa hili lina tabia ya kujizidisha: bidhaa inayokwisha mara nyingi itaonekana haiuziki, itaagizwa kidogo, na itazidi kukosekana. Ndiyo sababu sentensi ifuatayo isikose kwenye barua:

> Siku ambayo bidhaa ilianza asubuhi ikiwa na salio sifuri na hakuna mzigo ulioingia, usiihesabu kwenye wastani. Siku duka likiwa limefungwa, nitaandika mstari wenye msimbo FUNGA kwenye `mauzo`, nayo usiihesabu, wala usiutaje msimbo huo kama kosa. Siku isiyo na mstari wowote ni siku tuliyosahau kuingiza, nitajie.

Kiasi cha kuagiza ni 21 mara 11, yaani 231, toa 78. Zinabaki kilo 153, sawa na mifuko 3 na kilo 3. Fundi asipoambiwa atapandisha juu, na meseji itasema mifuko 4. Fedha za mfuko mzima zitakuwa zimefungwa kwa ajili ya kilo 3. Weka kanuni yako:

> Ziada ikizidi robo ya mfuko, pandisha. Ikiwa robo au chini yake, iache. Lakini ukisema AGIZA, kiasi kisipungue kimoja.

Robo ya mfuko wa kilo 50 ni kilo 12.5, kwa hiyo jibu ni mifuko 3.

Mafuta yanaonyesha upande wa pili. Wastani ni lita 8, kiwango ni 8 mara 5, yaani 40. Salio ni lita 26, ambazo peke yake zingetoa AGIZA. Lakini madumu mawili yako njiani, lita 40, jumla 66. Hakuna haja ya kuagiza tena. Tatizo ni kwamba yaliagizwa tarehe 6, kusubiri ni siku 3, na leo ni siku ya 6. Kinachotakiwa ni kumpigia simu muuzaji, nao ndio mstari wa CHELEWA.

## Ramadhani na misimu mingine

Wastani wa siku 14 hutazama nyuma, kwa hiyo utachelewa mauzo yanapopanda ghafla. Omba ukurasa wa tano, `msimu`, wenye msimbo, tarehe ya kuanzia, tarehe ya mwisho na kizidishi unachokipanga mwenyewe, kwa mfano 1.5 kwa sukari. Anzisha msimu siku chache kabla ya mwezi kuandama, angalau zile za kusubiri, ili mzigo uwe umefika. Tarehe uziandike upya kila mwaka, kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 hadi 12 katika kalenda ya kawaida. Skripti isinakili za mwaka uliopita.

Wiki mbili baada ya Idd ndizo za hatari zaidi kwa mtaji, kwa sababu wastani bado umebeba mauzo ya mfungo. Mwombe fundi agawanye mauzo ya siku za msimu kwa kizidishi kabla ya kupiga wastani, kisha azidishe tena iwapo tu msimu unaendelea.

## Mahali pa kuendeshea na majaribio

Kwenye kompyuta ya Windows, kazi ya kila siku hupangwa kwa Task Scheduler. Umeme ukiwa umekatika saa 21:30, kazi hairudiwi mpaka kesho, isipokuwa chaguo la `Run task as soon as possible after a scheduled start is missed` liwe limewekwa alama. Lidai kwenye barua. Mkumbushe pia mtu wa kaunta kuhifadhi faili kabla ya saa hiyo. Skripti husoma kilichohifadhiwa, si kilichopo kwenye skrini.

Jaribio la kupokelea kazi liwe mfano uleule tuliokokotoa. Tengeneza nakala ya `duka.xlsx` yenye sukari, mafuta na chumvi za juu, mpe fundi, na umtake skripti iweze kuendeshwa kwa tarehe ya nyuma bila kutuma meseji:

```
python kikumbusho.py --tarehe 2025-06-12 --jaribio
```

> Kazi itakuwa imekubalika iwapo amri hii itatoa mistari ileile mitano iliyo mwanzoni mwa barua. Kisha nitaharibu vitu vitatu kwenye nakala: tarehe moja niiweke kama maandishi, msimbo mmoja niukosee, na siku nzima ya mauzo niifute. Vyote vitatu vitajwe mahali vilipo.

Malipo yafuate hatua hizo: sehemu ya kwanza kazi inapoanza, ya pili jaribio linapopita, na ya mwisho baada ya wiki mbili za kutumika dukani. Ndani ya wiki hizo, kila Jumapili linganisha salio la skripti na hesabu ya mkono kabla ya kuiingiza kwenye kitabu. Tofauti ndogo kwenye bidhaa za kupima ni ya mizani. Ikilingana na mfuko au dumu zima, kuna mzigo uliopokelewa bila kuandikwa, au ulioandikwa mara mbili.

Akaunti ya kutumia meseji ifunguliwe kwa jina na namba yako, na neno lake la siri likae kwenye faili la mipangilio, lisiandikwe ndani ya msimbo wa programu. Kabla ya kulipa sehemu ya mwisho, omba skripti iwekwe kwenye kompyuta nyingine kwa kufuata maelezo ya ukurasa mmoja aliyoyaandika fundi, wewe ukiwa unabonyeza na yeye akiwa ameketi kando bila kugusa.